Saini niliyodhani ni ya ushahidi

Afisa mikopo aliweka kidole mahali pa kutia saini, akanisogezea kalamu, nami nikatia. Hazikupita dakika mbili. Mkataba wa dhamana ulikuwa na kurasa 4, na nilichosoma mimi ni jina langu tu, kuona kama limeandikwa sawasawa. Rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita Fundi kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji, alikuwa kando yangu anatikisa goti. Tulipotoka nje alinikumbatia mbele za watu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Kichwani mwangu mdhamini alikuwa aina ya shahidi. Unaitwa, unasema huyu namfahamu, si mtu wa kukimbia na mali ya watu, unatia saini, unakwenda zako. Ikitokea taabu basi mkopeshaji atamtafuta mkopaji, atakamata alichoweka rehani, na ikishindikana kabisa, mwisho wa mwisho, ndipo atakuja kugonga mlango wako. Karibu kila mtu niliyezungumza naye baadaye alikuwa na picha hiyohiyo. Sijui tuliitoa wapi, maana kwenye karatasi niliyotia saini haikuwepo.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa 600,000, miezi 24, riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio. Rejesho la kila mwezi lilikuwa 31,700 na ushei. Fundi alinunua mashine kubwa ya kudarizi, na mashine hiyo ndiyo iliyowekwa rehani. Wadhamini tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mmoja tuliyekuwa tunafahamiana kwa salamu tu. Nikajiambia kwamba hata likiharibika jambo, mashine ipo, na kilichobaki ni nusu kwa nusu.

Fundi alilipa marejesho 9 bila kukosa. Hili nalisisitiza kwa sababu watu husikia habari ya dhamana iliyoungua wakadhani mkopaji alikuwa tapeli. Hakuwa tapeli. Mteja wake mkubwa wa sare alikaa na bili miezi mitatu, naye akaugua mgongo katikati ya kipindi hicho. Alikwenda kwa mkopeshaji akaomba kupumzishwa, akapewa miezi 2 ya kutolipa huku riba ikiendelea kutembea. Baada ya hapo akakosa marejesho 3 mfululizo. Katika miezi hiyo 5 tulionana labda mara kumi. Alinisimulia habari za mgongo, za mteja, hata za paa la nyumba yake. Ya mkopo hakuyagusa, na mimi sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungeonekana kama namshuku.

Barua ilipofika haikuwa na salamu. Ilikuwa na jina langu, namba ya mkopo wa Fundi, na jumla: 503,800, ilipwe ndani ya siku 14.

Nilidhani wamekosea. Mtu amelipa 285,000 katika mkopo wa 600,000, iweje bado adaiwe zaidi ya nusu milioni? Nilikwenda ofisini kwao kwa hasira, na afisa, kijana mpole kwa kweli, akanifungulia hesabu kwenye kompyuta. Katika ile 285,000, kama 93,000 ilikuwa riba, maana miezi ya mwanzo salio ni kubwa na riba yake ni kubwa vilevile. Kwa hiyo baada ya marejesho 9 salio lilikuwa kama 407,600. Miezi 5 bila kulipa, asilimia 2 juu ya asilimia 2, likafika 450,000. Adhabu za kuchelewa 8,000. Halafu asilimia 10 ya yote hayo, 45,800, ada ya wakusanya madeni ambao hata hawakuwa wamekwisha kunipigia simu. Hesabu ilikuwa sahihi hadi senti. Dhamana yangu haikuwa ya 600,000 wala ya salio; ilikuwa, kwa maneno ya kipengele cha kwanza, ya “mkopo, riba, adhabu na gharama zote za kudai”. Yaani nilidhamini kiasi ambacho siku ya kutia saini hakikuwa kinajulikana.

Nikamwambia, “Kauzeni mashine kwanza.”

Akageuza ukurasa wa 2 akanionyesha. Mkopeshaji halazimiki kumdai mkopaji kwanza, wala kuuza rehani kwanza, kabla ya kumdai mdhamini.

“Basi niandikieni nusu yangu.”

Akageuza tena. Wadhamini wanawajibika “kwa pamoja na kila mmoja peke yake”. Maneno haya yanasomeka kama mapambo ya kisheria, lakini maana yake ni kwamba mkopeshaji anaweza kuwaacha wengine wote akamshika mmoja kwa deni zima. Humshika aliye rahisi kushikika. Mshahara wangu ulikuwa unapita kwenye akaunti niliyofungua palepale kwao, na akiba yangu ilikuwa humo humo. Mwalimu alikuwa na akaunti kwingine. Siku ya 15 waliingia kwenye akiba yangu wakakata 260,000, bila mahakama, kwa sababu nilikuwa nimewaruhusu kwenye ukurasa wa 3.

Ndipo nikaenda kwa wakili, kwa utaratibu wetu wa siku zote wa kumwita zimamoto nyumba ikiwa majivu. Aliusoma mkataba taratibu kuliko nilivyopenda, kisha akaniuliza kama nilijulishwa Fundi alipopewa ile miezi 2. Nikasema hapana. Akatabasamu kidogo, akanisimulia habari ya kondoo. Kuna kesi ya Uingereza, Holme dhidi ya Brunskill, kwenye vitabu vya sheria imeandikwa 1878. Mtu alikodi shamba pamoja na kondoo 700, na mwingine akamdhamini kwamba mwisho wa ukodishaji kondoo watarudishwa wakiwa idadi ile na hali ileile. Katikati ya safari mwenye shamba na mpangaji wakakubaliana wao kwa wao: mpangaji arudishe konde moja dogo, kodi ipungue pauni 10. Mdhamini hakuulizwa. Kondoo waliporudi wakiwa wamepungua, mdhamini akadaiwa, na mahakama ya rufaa ikamwachia huru, kwa kuwa makubaliano aliyoyadhamini yalibadilishwa bila ridhaa yake.

Nikakaa wima kwenye kiti. Wakili akainua mkono. Wakopeshaji nao wameisoma kesi hiyo, akasema, tena kwa muda mrefu kuliko wewe. Akanionyesha mstari mmoja ukurasa wa 4: mdhamini anakubali mapema kwamba kumwongezea mkopaji muda au kubadili masharti hakutamwondolea wajibu. Kwa hiyo kinga ambayo sheria ingenipa, katika nchi zinazofuata kanuni hiyo, niliisalimisha kwa saini ileile. Si kila mkataba una mstari huo, na ndiyo maana unapodaiwa inafaa kuuliza mabadiliko yote yaliyofanywa tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi ulikuwepo.

Alichonisaidia kikweli ni mazungumzo na karatasi. Tuliandika kwamba niko tayari kumaliza deni lote kwa mafungu 10 endapo watafuta adhabu na ada ya wakusanyaji. Walikubali haraka hata nikahisi ningeomba zaidi. Mkopeshaji anapenda fedha inayokuja kuliko kesi inayovutana. Ile 243,800 iliyokuwa imebaki ikashuka hadi 190,000, nikalipa 19,000 kila mwezi. Jumla iliyotoka mfukoni mwangu: 450,000. Wakili akashikilia nidai vitu viwili kabla ya fungu la mwisho: barua inayosema deni limekwisha na limelipwa na mdhamini, si na mkopaji, na hati ya rehani ya mashine. Mdhamini akishalipa deni lote, ana haki ya kumdai aliyemdhamini, ya kumdai mdhamini mwenzake fungu lake, na ya kushika rehani aliyokuwa ameshika mkopeshaji. Bila barua ile, kila moja ya haki hizo ni maneno ya kijiweni.

Haki hizo zina mipaka yake. Mwalimu, ambaye kwa hesabu alipaswa kunirudishia 225,000, alinipa 100,000 akasema ndio uwezo wake, nami sikutaka kumburuta mahakamani mtu aliyeingia kwenye shimo hili kwa wema kama wangu. Mashine nayo ilikuwa halali yangu kuichukua. Nilikwenda karakana kwa Fundi nikiwa na hati mfukoni. Nilimkuta anadarizi nembo kwenye mfuko wa shati, uzi wa bluu, sindano inapiga mamia ya mishono kwa dakika, na yeye ameinama huku mkono mmoja umeshika kiuno. Nikaona wazi kwamba nikiiondoa mashine hii, aliyebaki kunilipa ni mtu mwenye mgongo mbovu na mkasi. Sikuitoa hati mfukoni siku hiyo. Baadaye tuliandikiana: mashine inabaki kwake, rehani iko kwangu, 350,000 iliyobaki atanilipa 10,000 kila mwezi bila riba. Miezi 35.

Kuna hasara moja ambayo haikuonekana kwenye barua yoyote. Kabla hata Fundi hajakosa rejesho la kwanza, mimi mwenyewe niliomba mkopo wa kukarabati nyumba, nikapewa pungufu ya nilichoomba. Niliambiwa dhamana niliyotoa imehesabiwa kama sehemu ya madeni yangu. Alipokosa kulipa, jina langu nalo likaingia kwenye kumbukumbu za wanaochelewesha, na barua ya kumaliza deni haikulifuta palepale.

Watu huniuliza kwa nini nisingekataa tu. Nilijaribu kukataa, ila vibaya. Fundi aliponiomba, nilimjibu, “Ngoja nilitafakari.” Katika Kiswahili chetu hiyo si hapana. Ni ndiyo inayovaa viatu. Yeye aliacha kutafuta mdhamini mwingine, na baada ya wiki tatu alirudi na fomu iliyokwisha kujazwa jina langu. Nikasema mke wangu hataki. Siku iliyofuata nikamkuta sebuleni anamweleza shemeji yake mpango wa biashara, na mke wangu, ambaye hakuwa na habari yoyote, ananitazama. Baada ya hapo nilianza kuhoji mkopo wenyewe: riba si kubwa? muda si mfupi? Kila swali akaja na jibu. Alikuwa na haki, maana mtu anayeuliza bei anaonekana mnunuzi. Nilipoishiwa maswali nilikuwa sina pa kujificha.

Mwaka mmoja baada ya barua ile, aliniomba somo yangu, rafiki wa tangu utotoni tunayeitana jina. Yeye nampenda kuliko Fundi, niseme ukweli. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Alianza kwa simu, nikamwambia, “Somo, nakuja jioni tuonane,” nikaenda siku ileile. Sikumngoja afike kwenye mahesabu.

“Kabla hujaenda mbali,” nikamwambia, “kudhamini siwezi. Sidhamini mkopo wa mtu yeyote sasa, hata wa ndugu yangu wa tumbo moja.”

Akanyamaza. Kisha: “Hata mimi?”

“Hata wewe. Nilidhamini nikalipa 450,000, na deni langu mwenyewe bado linanibana. Likiharibika tena sina cha kulipia, na wewe nitakuchukia. Sitaki kukuchukia.”

“Lakini mimi si kama yule.”

Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo nilipoteleza na Fundi. Ukianza kubishana kama yeye ni mwaminifu au si mwaminifu, umekwisha. Kila hoja utakayotoa ni tusi kwake. Nilisema, “Yule naye hakuwa mtu mbaya. Aliugua. Si suala la wewe kuwa nani.” Nikaliacha hapo. Sikutafuta sababu ya pili, maana sababu ya pili huonekana kama ya kwanza ilikuwa uongo.

Hakufurahi, na sikujaribu kumfanya afurahi. Alinikumbusha ile ya akufaaye kwa dhiki, nikaipokea bila kujitetea. Tulipokuwa tumenyamaza vya kutosha nikamuuliza anahitaji kitu gani hasa, si kiasi gani. Ikawa anahitaji jokofu la duka, na mkopo aliouomba ulikuwa mara mbili ya bei yake kwa sababu mkopeshaji alimshawishi achukue cha juu. Nikamwambia naweza kumpa 30,000, nampa moja kwa moja, simkopeshi, na kwamba kesho yake nina nafasi ya kwenda naye kuuliza kama watamkopesha kiasi kidogo kwa rehani ya jokofu lenyewe, bila mdhamini. Kiasi nilichompa nilikuwa nimekipima kabla sijatoka nyumbani: kile ambacho kikipotea sitakihesabu tena. Kesho yake tulikwenda. Walikubali nusu, kwa riba ya juu kidogo. Alichukua.

Kilichonitia hofu zaidi ni wiki iliyofuata. Mtu aliyekataa ana aibu, aliyekataliwa ana aibu, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na ukimya wa siku tano unageuka wa mwezi. Siku ya tatu nikampigia kumuuliza kuhusu fundi wa pampu aliyekuwa amenitajia zamani. Pampu yangu haikuwa na tatizo lolote. Alinijibu kwa ufupi mara ya kwanza. Mara ya pili alinipigia yeye.

Wakili aliwahi kuniambia kwamba kama nitalazimika kudhamini tena, labda mtoto wangu, nisitie saini mpaka mambo matatu yaandikwe: kikomo cha kiasi kwa tarakimu, riba na gharama zikiwa ndani yake, kwamba dhamana ni ya mkopo huu tu, isihamie kwenye mkopo mwingine atakaochukua kesho, na kwamba nijulishwe kwa maandishi ndani ya siku chache rejesho la kwanza likikosekana. Mkopeshaji asiyetaka kuandika hayo, akasema, amekujibu tayari anamtegemea nani alipe. Na nisiweke mshahara kwake.

Fundi hajawahi kuruka mwezi. Kila tarehe 5 simu inalia, ujumbe wa fedha unaingia, 10,000, na chini yake neno “Nimetuma.” Nami najibu “Imefika.” Kwa miezi 24 hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, watu tuliokuwa tukikaa kwenye benchi lake hadi usiku. Mwezi uliopita chini ya “Nimetuma” aliongeza mstari: mgongo umepata nafuu, mashine inataka kubadilishwa mkanda, namfahamu fundi?

Namfahamu. Nilimpeleka mwenyewe Jumamosi, na tulipofika Fundi alikuwa ameshapangusa vumbi benchi lote, upande wangu na wake.